Mchapuko wa chembe katika mtiririko thabiti: kutumia derivativu ya maada hatua kwa hatua

Chukua bomba la mlalo lililojaa maji, na mwishoni mwake funga nozeli inayopungua kama koni. Maji yanaingia kwenye nozeli kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde na kutoka kwa mita 4 kwa sekunde. Pampu inazunguka vilevile, vali haiguswi. Ukiweka kipima kasi katikati ya nozeli kitasoma mita 1.78 kwa sekunde. Rudi baada ya saa nzima, utakuta namba ileile. Je, maji yanayopita hapo yana mchapuko?

Wengi niliowafundisha hujibu kwamba hakuna, kwa sababu kasi haibadiliki. Jibu hilo linatokana na kuchanganya mambo mawili: kasi ya mahali na kasi ya chembe. Kipima kasi kimekaa mahali pamoja, na kila nukta ya wakati kinapitiwa na chembe nyingine. Kila chembe inayofika hapo inafika na kasi ileile waliyokuwa nayo wenzake waliotangulia, ndiyo maana namba haisogei. Lakini fuata chembe moja tu tangu inapoingia: ilikuwa na mita 1 kwa sekunde, inatoka na mita 4 kwa sekunde, na yote hayo kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Chembe hiyo imechapuka, na kuna kani iliyoisukuma.

Derivativu ya maada ndiyo chombo kinachotuwezesha kuupata mchapuko wa chembe kwa kutumia taarifa za mahali peke yake. Hatuhitaji kuifukuza chembe. Ramani ya kasi inatosha: hapa kasi ni hii, pale kasi ni ile.

Kwanza kwa mkono, bila fomula

Kabla ya kuandika alama yoyote ya hesabu, tuhesabu mchapuko wa katikati ya nozeli kama mtu anayetazama milimita moja tu ya safari ya chembe. Nozeli yetu ina urefu wa mita 0.1. Kipenyo chake ni milimita 50 mahali pa kuingilia na milimita 25 mahali pa kutokea, na kinapungua kwa mstari ulionyooka. Tupime umbali x kuanzia mahali pa kuingilia. Katikati ni x = 0.05.

Nusu milimita kabla ya katikati, kasi ni mita 1.7660 kwa sekunde. Nusu milimita baada ya katikati, kasi ni 1.7897. (Namba hizi zimetoka wapi, tutaona punde.) Kwa hiyo ndani ya milimita hiyo moja chembe imeongeza kasi kwa mita 0.0237 kwa sekunde. Je, imechukua muda gani kuivuka? Inakwenda kwa takriban mita 1.778 kwa sekunde, basi milimita moja inaivuka kwa sekunde 0.001/1.778, yaani 0.0005625. Gawanya ongezeko la kasi kwa muda:

```
0.0237 / 0.0005625 ≈ 42 m/s²
```

Hilo ndilo jibu. Ni zaidi ya mara nne ya mchapuko wa mvutano wa dunia, mahali ambapo kipima kasi kinasema hakuna kinachobadilika.

Tazama tulichofanya. Tulitaka badiliko la kasi kwa kila sekunde. Tulichokuwa nacho ni badiliko la kasi kwa kila mita, yaani 0.0237 kwa milimita, au 23.7 kwa mita. Tulipogawanya kwa muda wa kuvuka, kwa hakika tulizidisha kwa kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayosema chembe inavuka mita ngapi kwa sekunde. 23.7 mara 1.778 ni 42. Derivativu ya maada, katika mtiririko thabiti, haina siri zaidi ya hiyo: badiliko kwa mita, mara mita kwa sekunde.

Fomula yenyewe

Sasa tuandike jambo hilo kwa ujumla. Kasi V ni vekta yenye vipande vitatu: u kwenye mhimili wa x, v kwenye y, na w kwenye z. Kila kipande kinaweza kutegemea mahali na wakati. Chembe iliyoko mahali fulani sasa, baada ya muda mdogo dt itakuwa imesogea u dt kwenye x, v dt kwenye y na w dt kwenye z. Kasi yake mpya ni kasi ya mahali pale papya, kwa wakati ule mpya. Ukitumia kanuni ya mnyororo kuhesabu badiliko hilo, kisha ukagawanya kwa dt, unapata:

```
a = DV/Dt = ∂V/∂t + u ∂V/∂x + v ∂V/∂y + w ∂V/∂z
```

Herufi kubwa D inatukumbusha kwamba tunafuata maada ileile. Kipande cha kwanza, ∂V/∂t, ni mchapuko wa mahali: kile ambacho kipima kasi kilichotulia kingekiona. Vipande vitatu vinavyofuata kwa pamoja ni mchapuko wa kusafiri: chembe inabadilika kasi kwa sababu imehamia mahali penye kasi tofauti. Leonhard Euler alitumia hoja hii hii alipochapisha milinganyo yake ya mwendo wa giligili mwaka 1757.

Neno "thabiti" lina maana moja tu hapa: ∂V/∂t = 0 kila mahali. Linafuta kipande cha kwanza na haligusi vile vingine. Ukiliweka hilo kichwani, nusu ya makosa ya somo hili hayatakupata.

Hatua ya kwanza: pata uga wa kasi kama fomula ya mahali

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Watu hukimbilia kutafuta derivativu wakati bado hawajaandika kasi kama kitu kinachotegemea x.

Katika nozeli yetu tunajua umbo, na tunajua kwamba maji hayagandamiziki kwa kiasi cha kutusumbua. Kwa hiyo ujazo unaopita kila mkato kwa sekunde ni uleule: kasi mara eneo la mkato haibadiliki. Kipenyo kinapungua kutoka D1 hadi nusu ya D1 katika urefu L, basi:

```
D(x) = D1 (1 - x/(2L))
```

Eneo linakwenda na mraba wa kipenyo, na kasi inakwenda kinyume cha eneo:

```
u(x) = u1 / (1 - x/(2L))²
```

Jaribu miisho kabla ya kuendelea. Ukiweka x = 0 unapata u1, yaani 1. Ukiweka x = L unapata u1 gawanya kwa robo, yaani 4. Sawa. Ukaguzi huu ni wa sekunde chache tu, na unakamata makosa ya kusahau mraba, ambayo nimeyaona mara nyingi kuliko kosa jingine lolote la hatua hii. Kwa fomula hiyo hiyo ndiyo nilipata 1.7660 na 1.7897 za hapo juu.

Kuna dhana moja tumeipitisha hapa kimya: kwamba kasi ni ileile kwenye mkato mzima, kutoka katikati hadi ukutani. Kwa kweli maji yanayogusa ukuta yamesimama, na maji ya pembeni yanaelekea ndani kidogo yakifuata mteremko wa koni. Hesabu yetu inafaa kwenye mstari wa katikati. Tutarudi kwenye vipande vya pembeni baadaye.

Hatua ya pili: amua ni vipande vipi vinabaki

Andika fomula nzima kwa mhimili wa x, kisha futa kwa sababu, si kwa mazoea.

```
ax = ∂u/∂t + u ∂u/∂x + v ∂u/∂y + w ∂u/∂z
```

∂u/∂t inafutika kwa kuwa mtiririko ni thabiti. Kwenye mstari wa katikati v na w ni sifuri kwa ulinganifu wa koni, kwa hiyo vipande vya tatu na vya nne vinakufa. Kinabaki kimoja:

```
ax = u du/dx
```

Ninasisitiza kuandika sababu ya kila kilichofutwa kwa sababu siku swali likibadilika, kwa mfano nukta ikihama kutoka katikati, utajua mara moja ni kipande gani kinarudi.

Hatua ya tatu: tafuta derivativu kwanza, namba baadaye

```
du/dx = (u1/L) (1 - x/(2L))^(-3)
```

Kipeo cha -2 kinashuka mbele, na ndani ya mabano derivativu ni -1/(2L). Hasi mara hasi inatoa chanya, na 2 zinakatana. Kasi inaongezeka kadiri x inavyoongezeka, kama tulivyotarajia. Alama chanya ni ushahidi wa kwanza kwamba hatujapotea.

Kosa la hapa lina sura moja: mtu anaweka x = 0.05 mapema, anapata u = 1.778, kisha anatafuta derivativu ya 1.778 na kupata sifuri. Namba ya nukta moja haibebi habari ya jirani zake. Derivativu inahitaji fomula, kwa sababu inauliza kinachotokea ukisogea kidogo.

Hatua ya nne: zidisha, kisha weka namba

```
ax = u du/dx = (u1²/L) (1 - x/(2L))^(-5)
```

Weka u1 = 1 na L = 0.1. Mahali pa kuingilia mchapuko ni 10 m/s². Katikati mabano yanatoa 0.75, na 0.75 kwa kipeo cha -5 ni 4.21, basi mchapuko ni 42.1 m/s², uleule tulioupata kwa mkono. Mahali pa kutokea mabano yanatoa 0.5, kipeo cha -5 kinatoa 32, na mchapuko ni 320 m/s².

Simama hapo kidogo. Kasi imeongezeka mara 4, lakini mchapuko umeongezeka mara 32. Sababu ni kwamba mchapuko ni zao la vitu viwili na vyote vinakua: kasi imekua mara 4, na badiliko la kasi kwa mita limekua mara 8, kutoka 10 hadi 80. Kwenye koni, karibu kazi yote ya kusukuma maji inafanyika mwishoni. Anayechukua wastani wa miisho miwili, 165, na kusema ndio mchapuko wa katikati, amekosea kwa karibu mara nne.

Vipimo navyo vinakagua kazi. u ina m/s. Nayo du/dx ina m/s kwa mita, yaani 1/s. Zao lao ni m/s². Ukipata 1/s peke yake, umesahau kuzidisha kwa kasi. Ukipata m²/s², umezidisha kasi kwa kasi na kusahau kugawanya kwa urefu.

Ukaguzi wa kumfuata msafiri

Njia ya uhakika zaidi ya kujua kama derivativu ya maada imesema kweli ni kuifuata chembe yenyewe, angalau mara moja maishani, katika mfano unaokubali kufanyiwa hivyo. Koni yetu inakubali.

Chembe inaingia kwenye x = 0 wakati t = 0, na inakwenda kwa dx/dt = u(x). Hamisha mabano upande wa dx na ujumlishe pande zote mbili. Ukitumia namba zetu unapata:

```
(1 - x/(2L))³ = 1 - 15 t
```

Kutoka hapo kasi ya chembe kwa wakati t inakuwa:

```
u(t) = (1 - 15 t)^(-2/3)
```

Sasa hii ni kasi ya chembe moja, inayotegemea wakati tu. Hakuna tena haja ya derivativu ya maada. Derivativu ya kawaida inatosha:

```
a(t) = 10 (1 - 15 t)^(-5/3)
```

Chembe inatoka pale mabano ya x yanapofika 0.5, ambayo kwa kipeo cha tatu ni 0.125. Basi 15t = 0.875, na t = sekunde 0.0583. Weka hiyo ndani: 0.125 kwa kipeo cha -5/3 ni 32, na mchapuko ni 320 m/s². Njia mbili zilizoanzia mbali zimekutana kwenye namba moja. Na si miisho tu: (1 - 15t) ni mchemraba wa mabano yetu, kwa hiyo kipeo cha -5/3 cha huyu ni kipeo cha -5 cha yule. Ni fomula ileile iliyovaa nguo ya wakati.

Wastani unastahili neno hapa, kwa kuwa watu hugombana bure juu yake. Ukigawanya ongezeko la kasi, 3, kwa muda wa safari, 0.0583, unapata 51.4 m/s². Huo ni wastani wa wakati. Ukichukua tofauti ya miraba ya kasi, 16 toa 1, na kugawanya kwa mara mbili ya urefu, yaani 0.2, unapata 75 m/s². Huo ni wastani wa umbali. Zote mbili ni sahihi na hazifanani, kwa sababu chembe inatumia muda mrefu mwanzoni ambako mchapuko ni mdogo. Unapoandika "mchapuko wa wastani", sema ni wastani wa nini.

Kani inayohusika

Mchapuko si namba ya kuishia karatasini. Kwa maji yanayopita mlalo, tukiacha msuguano pembeni, sheria ya pili ya Newton kwa kila mita ya ujazo inasema densiti mara mchapuko ni sawa na kiasi ambacho kanieneo inapungua kwa kila mita:

```
ρ ax = -dp/dx
```

Densiti ya maji ni takriban kilo 1000 kwa mita ya ujazo. Karibu na mlango wa kutokea, kanieneo inashuka kwa paskali 320,000 kwa mita, ambayo ni paskali 320 kwa kila milimita. Mwanzoni inashuka paskali 10 tu kwa milimita. Ukijumlisha safari nzima, 1000 mara wastani wa umbali 75 mara mita 0.1, unapata paskali 7,500. Mlinganyo wa Bernoulli unatoa hiyo hiyo: nusu ya 1000 mara (16 - 1). Ndiyo maana wastani wa umbali, si wa wakati, ndio unaopaswa kutumika unapokadiria tofauti ya kanieneo.

Unapotoka kwenye mstari wa katikati

Sasa vile vipande tulivyovifuta vinarudi. Ili tusizame kwenye hesabu ya koni, tuchukue nozeli bapa, yenye kuta mbili za juu na chini, ambayo kasi yake inaelezwa hivi:

```
u = 1 + 30 x
v = -30 y
```

x na y ziko kwa mita, na y inapimwa kutoka mstari wa katikati. Kasi ya katikati inapanda tena kutoka 1 hadi 4 katika mita 0.1, ila sasa kwa mstari ulionyooka. Kabla ya chochote, kagua kwamba maji hayaongezeki wala kupotea njiani: ∂u/∂x + ∂v/∂y ni 30 toa 30, sifuri. Uga usiopita mtihani huu usiuhesabie mchapuko kama ni wa maji. Rudi ukatafute kosa.

Tutafute mchapuko kwenye nukta x = 0.05, y = 0.01. Kasi hapo ni u = 2.5 na v = -0.3, chembe inakwenda mbele na kushuka kidogo kuelekea katikati.

```
ax = u ∂u/∂x + v ∂u/∂y = (2.5)(30) + (-0.3)(0) = 75 m/s²
ay = u ∂v/∂x + v ∂v/∂y = (2.5)(0) + (-0.3)(-30) = 9 m/s²
```

Nimeandika hata zile sifuri makusudi. Kwenye mfano huu vipande vya msalaba, v ∂u/∂y na u ∂v/∂x, vimetokea kuwa sifuri, na mtu akiona hivyo mara mbili tatu huanza kuamini kwamba havipo. Vipo. Chukua maji yanayozunguka kama gurudumu, u = -Ωy na v = Ωx, ambapo Ω ni kasi ya kuzunguka. Hapo ∂u/∂x na ∂v/∂y ndizo sifuri, na mchapuko wote, Ω² mara umbali kutoka katikati na ukielekea katikati, unatoka kwenye vipande vya msalaba peke yake. Aliyeviacha atasema maji yanayozunguka hayana mchapuko. Mfano huo unaonyesha pia kwamba chembe inaweza kuwa na mchapuko bila kuongeza wala kupunguza kasi: mwelekeo nao ni sehemu ya vekta.

Rudi kwenye ay = 9. Ni chanya, yaani inaelekea juu, mbali na mstari wa katikati, ilhali chembe inashuka. Wengi hufuta na kuanza upya wakidhani wamekosea alama. Hawajakosea. Chembe inashuka, lakini kila inapokaribia katikati inashuka taratibu zaidi, kwa kuwa v inapungua pamoja na y. Inafunga breki. Alama ya mchapuko haisemi chembe inaelekea wapi; inasema kasi yake inavutwa kuelekea wapi.

Linganisha pia nozeli hizi mbili kwenye mstari wa katikati. Zote zinaanza na 1 na kumaliza na 4 katika urefu uleule, na wastani wa umbali ni 75 kwa zote. Lakini hii bapa ina mchapuko wa 30 mwanzoni na 120 mwishoni, wakati koni ina 10 na 320. Kujua kasi za miisho tu hakukupi mchapuko wa mahali fulani. Umbo la njia ndilo linaloamua.

Ukigeuza mtiririko

Swali ninalopenda kuwauliza wanaodhani wameelewa: maji yale yale yakipita kwenye koni kinyume, yakiingia kwenye mdomo mwembamba na kutokea kwenye mpana, mchapuko unageuka?

Kila u inakuwa -u, na du/dx nayo inakuwa hasi ya ilivyokuwa. Hasi mara hasi: u du/dx haibadiliki hata kidogo. Mchapuko unabaki ukielekea kwenye ncha nyembamba. Katika safari ya kwanza huo ulikuwa mwelekeo wa mwendo, chembe ikaongeza kasi. Sasa ni kinyume cha mwendo, kwa hiyo chembe inapungua kasi.

Hesabu inasema hivyo, lakini hapa maji halisi yanaweza kukataa. Yakipunguza kasi, kanieneo inapanda mbele yao, na maji ya karibu na ukuta, ambayo tayari yamechoka kwa msuguano, yanaweza kusimama na hata kurudi nyuma. Mtiririko unabanduka ukutani na kupita katikati kama mkondo mwembamba. Koni yetu inafunguka kwa takriban nyuzi 14 kutoka ukuta hadi ukuta, pembe ambayo kwa maji yanayopanuka ni kubwa kiasi cha kutarajia jambo hilo. Likitokea, eneo la mkato halikuambii tena kasi, na ile fomula ya hatua ya kwanza inaanguka. Derivativu ya maada bado ni kweli. Uga wa kasi ulioipa ndio wa uongo. Utajua kwa kupima kanieneo kwenye ncha zote mbili: ikiwa inapanda chini sana ya paskali 7,500 zilizotabiriwa, maji hayajazi bomba kama ulivyodhani.

Hata kwenye mwelekeo mzuri, kuna sehemu mbili za koni ambazo sizipi uzito wa namba kamili: pale bomba lililonyooka linapoungana na koni, na pale koni inapoisha. Fomula inasema mchapuko unaruka ghafla kutoka 0 hadi 10 kwenye kona ya kwanza. Maji hayaruki hivyo. Yanaanza kujibana kidogo kabla ya kona na badiliko linasambaa kwenye umbali unaolingana na kipenyo cha bomba. Kwa bomba la milimita 50 na nozeli ya milimita 100, huo si umbali wa kupuuza. Namba za katikati ya nozeli ndizo ninazoziamini zaidi, na zile za miisho nazichukua kama makadirio.

Mwisho, hakikisha kwamba mtiririko wako ni thabiti kweli. Tazama kipimo cha kanieneo kwa muda unaozidi sana muda wa safari ya chembe, ambao hapa ni sekunde 0.058. Sindano ikitulia, endelea. Ikicheza, kipande cha ∂u/∂t kimerudi. Kwa mfano, anayefungua vali kiasi kwamba kasi ya kuingilia inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, anaongeza mahali pa kutokea ∂u/∂t ya 8 m/s², kwa kuwa kasi ya pale ni mara nne ya kasi ya kuingilia. Pembeni ya 320 hiyo ni kidogo. Mahali pa kuingilia anaongeza 2 juu ya 10, na hapo huwezi tena kuiacha.